Haikuwa Damu

Mtoto alikuwa na saa tisa tu duniani. Bibi yake ndiye aliyemfunua, akapiga yowe, wodi nzima ikageuka.

Tumbo jekundu. Mapaja mekundu. Wekundu umeingia hadi kwenye mikunjo ya shingo. Mama mzazi alikuwa amejilaza kwa ubavu. Aliinuka kwa kasi ambayo mtu aliyejifungua usiku ule ule hatakiwi kuinuka nayo. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu, niko fildi nyumbani kwetu Tanga, nimevaa koti jeupe na najifanya najua.

Nilianza na kitovu. Kilikuwa kimefungwa vizuri, kikavu. Nikamtazama midomo, ina rangi yake. Anapumua vizuri, analia kwa hasira ya kufunuliwa. Nikaibonyeza ngozi kwa kidole, kisha nikachukua pamba, nikailowesha maji ya uvuguvugu na kumfuta tumboni. Pamba ikatoka ya pinki. Ngozi iliyobaki chini yake ilikuwa ngozi ya mtoto mchanga, haina doa. Damu iliyovilia chini ya ngozi haifutiki kwa pamba.

"Si damu," nikasema. "Ni kanga."

Sista wa zamu akacheka hadi akashika meza. Bibi alikuwa amemletea mjukuu kisutu kipya, chekundu na cheusi na cheupe, kama desturi inavyotaka, na katika furaha zake hakukifua. Joto na unyevu wa mtoto vikaimaliza kazi. Tukamfuta mtoto, tukaomba kanga kuukuu, mambo yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Maana wakati sista anamfuta mtoto, mimi nilikuwa nimekishika kile kisutu. Nimekigeuza upande wa nyuma kuangalia kama rangi imepenya au imekaa juu tu. Nimekipeleka dirishani. Nikaona kwamba pindo la chini limechapwa likaenda upande, nyeusi imeiacha nyekundu, kati yake kuna uwazi mweupe wenye upana wa uzi. Sijui nilisimama pale muda gani.

"Daktari, mtoto," sista akaniita.

Alikuwa amemnyoosha mikononi, ananisubiri nimpokee.

Wiki sita sasa, maneno hayo mawili yananifuata hadi kitandani.

## Baba Daktari

Kwetu Ngamiani, barazani pa kahawa, baba yangu haitwi kwa jina lake. Anaitwa Baba Daktari. Alianza kuitwa hivyo siku niliyopangiwa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kidato cha tano, kabla sijafungua hata kitabu kimoja, na nadhani hakuna cheo alichowahi kukipenda zaidi.

Msije mkamwona mkorofi. Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa mizani, daftari na rula: robota zinaingia, anapima, anaandika. Alianza kazi miaka ya themanini, zao lenyewe limeshaanza kuanguka. Alipokuwa mtoto mdogo, mwaka 1964, nchi hii ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge. Wazee wa Tanga waliamini hakuna kitakachoubomoa ule utajiri. Zikaja kamba za nailoni na plastiki. Yeye akayashuhudia mashamba yakigeuka vichaka na wenzake wakirudi mjini kuuza samaki kwa baiskeli.

Kwa hiyo nilipomwambia, nikiwa kidato cha sita, kwamba napenda kuchora vitambaa, hakunifokea. Alisema hivi:

"Kamba ya plastiki ilitushinda, mwanangu. Lakini mgonjwa hana plastiki yake. Watu hawataacha kuumwa."

Mnamjibuje mzee kama huyo? Mimi nilijaza fomu.

Na laiti ningekuwa nafeli, ingekuwa rahisi. Ningefeli, ningelia, ningerudi nyumbani, watu wangesema haikuwa riziki. Sifeli. Anatomia nilifaulu vizuri mno, na sababu yake inanichekesha: ni somo la kuchora. Wenzangu walikariri, mimi nilichora. Figo, moyo, mishipa ya shingo, nachora mara tatu kwa kalamu za rangi, kwenye mtihani naiona karatasi nzima kichwani. Watu wakasema basi huyu ni daktari wa upasuaji. Mimi najua kilichokuwa kinanifurahisha ni figo la kwenye karatasi. Lile la kwenye sahani ya chuma nililitazama, nikajibu maswali, nikanawa mikono.

Pembeni mwa kurasa zile zile nilikuwa nazungushia mapindo. Tangu darasa la nne nafanya hivyo, nikinakili kanga za sanduku la mama.

## Mabeseni matatu

Siku ya pili baada ya mkasa ule nilikwenda dukani nikanunua kisutu chekundu kama kile. Shangazi alinitania kwamba najiandalia harusi. Nilikikata vipande uani, mama akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, kwa sababu kwetu kanga mpya haikatwi vipande bila msiba.

"Unatafuta nini?"

"Nataka kujua kwa nini inachuja."

"Si utie chumvi tu? Chumvi na siki. Sote tumetia."

Nikatega mabeseni matatu. La kwanza maji matupu ya baridi, la pili maji ya chumvi na siki kama anavyotaka mama, la tatu maji ya moto na sabuni. Baada ya nusu saa beseni la mama ndilo lilikuwa na maji meupe zaidi. Akanitazama bila kusema kitu, na kunyamaza kwake nakujua. Beseni la sabuni lilikuwa jekundu kama rozela.

Lakini nilipokisuuza kile kipande cha chumvi, nikakilowesha tena kwa maji matupu na kukisugulia kitambaa cheupe, kitambaa kikawa chekundu. Kipande cha sabuni nilikibadilishia maji mara tano. Mara ya tano maji yalibaki kama yalivyotoka bombani, na kitambaa cheupe kikabaki cheupe.

Sababu yake niliijua, na nilipogundua kwamba naijua nilikaa chini. Ni kemia ya kidato cha sita. Rangi nyingi za kisasa za pamba hushika kwa kufunga kifungo cha kikemikali na uzi wenyewe, na zinahitaji kitu chenye asili ya magadi ili kifungo hicho kifungike. Siyo rangi yote hufanikiwa. Kuna inayobaki inaelea katikati ya nyuzi, haikufunga na chochote. Kiwandani hiyo hutakiwa kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi iishe, na maji na moto ni gharama, kwa hiyo mahali pengine hapo ndipo pa kubania. Ile iliyobaki ndiyo inayochuja. Chumvi huizuia isitoke kwenye uzi kwa muda, ndiyo maana beseni la mama lilionekana safi, lakini haiifungi. Siki ndiyo haisaidii kabisa kwenye pamba, kwa sababu inayotakiwa ni hali ya magadi, na siki ni asidi.

Miaka miwili ya kemia niliihesabu kuwa ngazi ya kupandia tu, nikifika juu naiacha. Kumbe ilikuwa inanieleza kanga.

Usiku ule niliingia mtandaoni na kukuta jambo ambalo nalionea aibu kuliandika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya ubunifu na teknolojia ya nguo, tena iko upande wa uhandisi. Nilipokuwa najaza fomu ilikuwepo. Hakuna aliyenificha. Sikutazama, kwa sababu PCB ni daktari, basi.

## Kona

Hapo nikaanza kujishuku.

Zamu za usiku zimenichosha. Mwezi huo nilimwona mama mmoja akifariki na sikuweza kula siku mbili. Mtu aliyechoka hupenda chochote kilicho upande wa pili wa ukuta. Huenda sipendi ubunifu wowote. Huenda napenda kisichokuwa wodi. Na kuchora mapindo pembezoni mwa daftari si kazi, ni kucheza. Kazi ina sehemu zake za kuchosha, na hizo sikuwa nimezionja.

Basi nikajipa mtihani. Nitachapa kanga moja, kipande kimoja, kuanzia karatasi hadi kwenye kamba ya kuanikia.

Kanga ina vitu vitatu, na hivyo hamhitaji kuambiwa: pindo, mji, jina. Mji niliupata haraka. Ni mmea wa mkonge ukitazamwa kutoka juu, majani yametawanyika kama mionzi. Kilichonitesa ni pindo, na kwenye pindo, kona.

Kitambaa changu kilikuwa na sentimita 150 kwa 110, baada ya kufuliwa na kupigwa pasi ili kisije kikanywea baadaye. Pindo nililipa upana wa sentimita 15. Nikachora jani la mkonge lililopindana na jani jenzake, urefu wa sentimita 18, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyonipendeza kwenye karatasi. Nikaanza kulipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Jani la saba likafika kwenye kona likakatika katikati, kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa ameingiza mguu mmoja. Nikajaribu kuanzia kulia. Likakatika kushoto.

Nilitoa kanga zote za mama sandukuni nikazitandaza sakafuni, safari hii natazama kona tu. Miaka ishirini naziona na sikuwahi kuliona hili: kona nyingi zimechorwa peke yake. Ni mraba unaojitegemea, na mapindo ya pande mbili yanakuja kuishia mlangoni mwake. Kwa hiyo ondoa mraba wa sentimita 15 kila kona. Upande mrefu unabaki na 120, upande mfupi unabaki na 80. Sasa inatakiwa namba inayoingia kwenye vyote viwili bila kubaki. 18 haiingii popote. 20 inaingia mara sita juu na mara nne ubavuni. Jani langu lilihitaji kurefuka kwa sentimita mbili, basi. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na uzuri, kumbe tatizo lilikuwa la kugawanya.

Kuna fundi wa kuchapa fulana huko Chumbageni aliyenikodisha meza yake nyakati za jioni na kunitengenezea skrini ndogo ndogo: ya jani, ya kona, ya mji, na kila moja mara mbili kwa sababu nina rangi mbili. Hesabuni. Majani 20 kuzunguka kanga na kona 4, kwa kila rangi. Mapigo 48 kabla hujaugusa mji. Na huwezi kwenda kwa kufuatana, maana ukiiweka fremu juu ya pigo lililo bichi, linapakaa. Unachapa la kwanza, unaruka la pili, unachapa la tatu. Vikikauka unarudi kujaza mapengo.

"Na hiyo nyeusi iache ipande juu ya kijani kidogo," fundi akaniambia, "milimita moja hivi. Ukisema zikutane mpakani, hazikutani."

Nikaukumbuka ufa mweupe wa kile kisutu.

Pigo la 31 nililiharibu. Mkono ulichoka, fremu ikateleza, jani likapata kivuli. Saa tatu usiku. Nilitukana, tusi ambalo daktari mtarajiwa hapaswi kulijua. Kisha nikatoa kitambaa cha akiba mfukoni nikaanza upya, pigo la kwanza, hakuna aliyenituma.

Nilifika nyumbani na kidole cheusi ambacho hakikutakata siku tatu, na wodini ilibidi nieleze kila mara kwamba si ugonjwa. Lakini lile la kuanza upya ndilo nililorudi nalo. Wodini mimi ni mwanafunzi mzuri, nikitumwa naenda. Nikikosea nakosolewa, nasahihisha. Katika miaka mitatu sikumbuki nimewahi kurudia jambo usiku kwa sababu tu limenikera mimi.

Halikunipa jibu. Daktari mzuri anaweza kutengenezwa kwa kutumwa pia. Nimewaona, na wameokoa watu. Na kanga yangu, tuseme kweli, ilitoka ngumu. Rangi ya fulana haiingii kwenye uzi, inakaa juu yake kwa gundi na kukazwa kwa pasi. Haichuji hata chembe, lakini ukiifunika usoni unasikia kama karatasi. Mtoto mchanga huwezi kumvika. Ningemfungua bibi yule kwenye tatizo moja nikamfunga kwenye jingine.

## Hesabu za miaka

Nina miaka 23. Udaktari umebakiza miaka miwili darasani na mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Namaliza na 26. Nikianza shahada ya nguo mwakani, miaka minne, namaliza na 28. Tofauti ni miaka miwili. Nilidhani nitakuta kumi.

Upande mwingine wa daftari: mkopo wa bodi unarudishwa hata kama sikumaliza nilichokopea, na ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Mkopo wa pili siutegemei. Miaka mitatu hiyo nitaondoka nayo bila cheti.

Kila mtu niliyemwambia, nao ni watatu tu, amesema maliza kwanza. Ni ushauri wa busara na sina hoja ya kuupinga. Ninachokijua ni jinsi "kwanza" inavyofanya kazi. Baada ya shahada kuna mafunzo, baada ya mafunzo kuna ajira, baada ya ajira kuna mdogo wangu wa kusomesha. Hakuna atakayeufunga mlango. Nitakuwa nimezeeka mbele yake tu.

## Jina

Baba aliikuta kwenye kamba.

Sikuwa nimepanga. Nilirudi kutoka zamu ya asubuhi nikamkuta uani amevaa miwani, amekishika kitambaa kwa ncha, kwa uangalifu, kama anavyoshika barua ya serikali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Huu ni mkonge."

"Ndiyo."

"Umekatwa mno. Mkonge haukatwi majani hivi, utadumaa. Karani yeyote angemtoza mkataji." Akainama kwenye kona. Akatoa tepu mfukoni; mzee huyu amestaafu lakini hatembei bila tepu. Akapima mraba, akapima upande mrefu, midomo ikichezacheza. "Mia na ishirini... themanini." Akanitazama juu ya miwani. "Ishirini?"

"Ishirini."

"Inaingia." Akairudisha tepu mfukoni polepole. Kisha akagusa kile kisanduku kirefu chini ya mji, mahali pa maneno, cheupe kitupu. "Na hapa?"

"Hapo ni pa jina."

"Linasemaje?"

Nilikuwa na majina manane kwenye daftari. Kila nililoandika nilimwona mtu akilisoma mgongoni kwa mama akienda zake sokoni, na mtu huyo alikuwa Baba.

"Sijui bado, Baba."

Hakuongeza neno. Adhana ya alasiri ililia, akaenda kutawadha.

Jioni nilimweleza yote. Shahada ya nguo, miaka, mkopo, kisutu, hata maneno ya sista. Alisikiliza mpaka mwisho na akauliza swali moja, kama ada inalipwa kwa mkupuo au kwa awamu. Sikujua nilipokee vipi swali hilo na hadi leo sijajua. Mama hakusema kitu. Asubuhi alijitanda ile kanga juu ya gauni, ngumu vile vile inapiga kelele kama bahasha, akashika kikapu akaenda sokoni Mgandini na mgongo wake mtupu.

Pwani hii watu wamezoea kusomana. Kanga isiyo na neno ni mafumbo kuliko yenye neno. Kufika saa nne barazani pa kahawa walikuwa wameshaijadili.

Baba alirudi adhuhuri, akavua kofia, akaketi.

"Wananiuliza kanga ya mama yako imefutwa nini."

"Ukawajibuje?"

"Nimewaambia haikufutwa kitu. Haijaandikwa." Akaanza kufungua vifungo vya kanzu, hanitazami. "Wakauliza kaichora nani. Nikawaambia Daktari."